Kuosha nyumba mpya: kazi inaanza bila maji

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa mutualite, hapa Kalemie



Komite ilituomba tueleze kazi ya usafi tunayoifanya, juu ya watu wameanza kuuliza kama kasha la mutualite linaweza kukopesha feza kwa ekipe ya pili. Sisi tuko wanne, wanawake watatu na mwanaume mmoja. Tunaosha biro, butiki na nyumba mpya zilizotoka kwa masoni. Leo tutakaa zaidi kwenye nyumba mpya, maana pale njo feza iko nyingi, na pale pale njo ekipe inaweza kuingia hasara kwa siku moja. Mwishoni tutajibu swali la komite.

Mnajua jinsi hapa kwetu watu wanajenga. Masoni anamaliza, mtu wa rangi anamaliza, mtu wa makaro anamaliza, kila mmoja anakunja vyombo vyake na kuenda. Nyuma yao kunabaki mifuko ya simenti, misumari, vipande vya mbao, matone ya rangi kwenye vioo, na vumbi nyeupe kila mahali. Mwenye nyumba anatuita na kusema: "Hii nyumba iko mupya, vumbi tu njo iko. Mutapangusa siku moja, biishe." Akisema hivyo hatumpingi, lakini hatutaji bei. Tunamwomba atufungulie tuone kwanza.

Kuangalia kabla ya kutaja bei

Tunapoingia tunachukua kitambaa kibichi, chupa ndogo ya maji, na kalamu na karatasi. Kazi ya kwanza ni kujua sakafu iko na nini. Tunapangusa karo moja kwa kitambaa kibichi, kisha tunangoja ikauke. Kama inang'aa ikiwa na maji, na ikikauka inarudia weupe kama imepakwa unga, ule ni ukungu wa simenti ya viungo, ile simenti nyeupe anayojaza mtu wa makaro kati ya karo na karo. Hakuipangusa vizuri wakati ilikuwa mbichi, na sasa imeshika. Sabuni haitautoa, hata ukisugua mpaka jioni. Kwa hiyo chumba chenye ukungu kinahesabiwa kwa bei nyingine.

Jambo la pili, tunajua sakafu imetengenezwa na nini. Makaro ya kawaida ya udongo uliochomwa yanavumilia asidi nyepesi. Marmara haivumilii, granito ya kumwaga haivumilii, na sakafu ya simenti iliyopigwa laini pia haivumilii. Tukiwa na shaka tunadondosha tone la ndimu katikati ya karo iliyo safi, nyuma ya mlango ambapo macho hayafiki. Likitoa mapovu madogo, jiwe lile linaliwa na asidi, na kwenye nyumba ile asidi haitafunguliwa.

Jambo la tatu ni karatasi. Tunapita chumba kwa chumba na mwenye nyumba, au na santineli wake, na kuandika kila kitu kilichoharibika tayari: kioo cha salon kina mkwaruzo upande wa kushoto, karo ya mlangoni imepasuka, robine ya dushi haifungi, mlango wa chumba cha pili una kovu. Anasaini, nasi tunasaini. Karatasi inachukua nusu saa. Patroni mmoja wa butiki, ambaye hatumtaji jina, alikataa kutulipa nusu iliyobaki. Alisema nyembe zetu zimekwaruza vitrini yake. Tulitoa karatasi. Mkwaruzo ule ulikuwa umeandikwa siku mbili kabla ya kazi, na chini yake ilikuwa saini ya ndugu yake mwenyewe. Alilipa siku ileile.

Devi ya nyumba moja

Sasa tuwaonyeshe nyumba moja ya kweli, ili muone hesabu. Ilikuwa na vyumba vitatu, salon, jiko na dushi, karibu metre karé 80 za makaro. Ukungu wa simenti ulikuwa kwenye vyumba viwili. Madirisha yalikuwa 9, na matano kati yao yalikuwa na matone ya rangi.

Tulihesabu watu 4 kwa siku 3, kila mtu dola 6 kwa siku: dola 72. Sabuni, asidi, nyembe, glavu na vitambaa: dola 16. Maji bidoni 40 za litre 20, pamoja na wabebaji: dola 8. Pikipiki ya kubeba vyombo: dola 4. Sehemu ya mkopo wa mutualite: dola 10. Jumla dola 110. Tuliandika devi ya dola 120, ili ile 10 ibebe jambo lisilotazamiwa.

Mwenye nyumba alisema anatoa 70. Hapa njo ekipe nyingi zinaanguka. Zinakubali 70 kwa kuogopa kukosa kazi, halafu siku ya pili zinaanza kuruka kona, na siku ya tatu zinagombana na patroni. Sisi tulimwonyesha karatasi ya hesabu, mstari kwa mstari, na kumwuliza: ni mstari gani wewe mwenyewe unaweza kubeba? Akaona wafanyakazi wake bado wako pale, wanaweza kutoa takataka za shantie. Akaona pia ana tanki la maji. Maji yakatoka kwenye hesabu, na nusu siku yetu ikatoka pia. Tulikubaliana dola 100, na 50 akonti kabla ya kuanza. Gharama yetu ikawa dola 90. Yeye alilipa pungufu kuliko devi, na posho yetu ya dola 6 kwa siku haikuguswa.

Siku ya kwanza: kukavu

Mtu asiyejua kazi hii anaingia na ndoo ya maji. Vumbi la nyumba mpya si kama vumbi la barabara. Ndani yake mna simenti, chokaa na unga wa mastiki iliyopigwa msasa. Ukimwaga maji linageuka tope jeupe, linaingia kwenye viungo vya makaro na kwenye reli za madirisha, na likikauka limeshika. Hapo umejiongezea kazi ya siku nzima bila malipo.

Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna maji. Tunavaa maski na kufunga vitambaa kichwani, madirisha yote wazi. Tunaanza juu: plafoni, kisha kuta kwa ufagio laini ulio mkavu, kisha juu ya milango, maana pale watu wanasahau na pale mwenye nyumba anapitisha kidole. Kuta tunazifagia tu. Rangi ya maji ambayo bado ni mpya inahitaji majuma mengi ishike kabisa, na ukiipangusa na kitambaa kibichi mapema inatoka pamoja na kitambaa. Reli za madirisha tunazitoa vumbi kwa brosi ndogo, ile ya kupaka rangi.

Sakafu tunaifagia mwisho. Tunachukua unga wa mbao kutoka kwa seremala, tunaulowanisha kidogo tu, ukikamuliwa mkononi usitoe tone. Tunaumwaga chumbani na kuufagia kutoka ukuta wa ndani kuelekea mlangoni. Ule unga unashika vumbi, halipandi tena hewani. Tukimaliza tunafunga nyumba na kuenda. Usiku vumbi lililobaki hewani linashuka. Asubuhi tunafagia tena kidogo, halafu njo maji yanaingia.

Siku ya pili: vioo

Kwenye vioo, wembe mkavu ni adui. Kwanza tunalowesha kioo kizima kwa maji ya sabuni na kungoja dakika chache rangi ilainike. Kisha tunalaza wembe wa kukwangua karibu na kioo, tunausukuma mbele tu, kwa mstari mmoja. Haturudishi nyuma, maana punje ya mchanga iliyokwama chini ya wembe inachora kioo wakati wa kurudi. Kila mstari tunapangusa wembe, na kioo kikianza kukauka tunakilowesha tena. Tukisikia sauti ya kukwaruza tunasimama, tunaosha na kuangalia ni nini.

Kama masoni alimwagia kioo simenti na ikakaa majuma, wakati mwingine tunatoa simenti lakini chini yake kunabaki doa la ukungu. Kioo chenyewe kimeliwa na simenti. Doa hilo halitoki kwa sabuni, na tunamwambia mwenye nyumba kabla hatujagusa, na kuandika kwenye karatasi.

Jambo moja la hapa kwetu: maji ya ziwa Tanganika yana chumvichumvi ndani yake. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha alama nyeupe, na jua la saa sita linayakausha haraka. Kwa hiyo vioo vya upande wa jua tunavifanya asubuhi mapema, tunavuta maji kwa raklete kutoka juu hadi chini, na kukausha kingo kwa torsho safi. Siki kidogo ndani ya maji ya mwisho inasaidia.

Siku ya tatu: ukungu wa simenti

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana hapa watu wanaumia.

Asidi tunayotumia ni ile inayouzwa kwa jina la espri de seli. Asidi ya betri hatuitumii. Simenti ya viungo ikiwa bado mpya hatuigusi, tunapenda iwe imemaliza wiki mbili. Kila robine na kila fremu ya aluminiumu iliyo karibu tunaifunika kwa plastiki, au tunamwagia maji kabla na baada, maana hata mvuke wa asidi unaharibu chuma kinachong'aa.

Kipimo chetu cha kuanzia ni kopo moja la asidi kwa makopo kumi ya maji, ndani ya ndoo ya plastiki. Maji yanatangulia ndani ya ndoo, asidi inafuata polepole. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya asidi, inaweza kuruka usoni. Kila mmoja ana glavu ndefu, buti na miwani, na madirisha yote wazi. Ikimwingia mtu jichoni, anaoshwa na maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kupunguza, halafu hospitali. Kwa hiyo bidoni moja ya maji safi inakaa mlangoni, na hakuna anayeruhusiwa kuitumia kwa kazi.

Tunajaribu kwanza kwenye kona. Kisha tunalowesha sakafu yote kwa maji ya kawaida, ili viungo vinywe maji na visinywe asidi. Tunamwaga maji ya asidi kwa sehemu ndogo, kama metre karé mbili. Utaona mapovu, ni simenti inayeyuka. Tunangoja dakika moja au mbili, tunasugua kwa brosi ya plastiki, tunavuta kwa raklete na kusuuza mara moja kwa maji mengi. Hatuachi ikauke. Sakafu ikiisha tunapita mara ya mwisho na maji ya sabuni na kusuuza tena. Kama weupe bado uko, tunarudia siku nyingine kwa kipimo kilekile. Kuongeza asidi ili umalize haraka kunakula viungo, vinabaki shimoshimo, na baada ya miezi maji yanaingia chini ya makaro.

Tunarudia neno moja kwa kila mtu aliye na javeli nyumbani: javeli na asidi havikutani. Si kwenye ndoo moja, si kwenye choo kimoja, si kwenye torsho moja. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na kwenye dushi ndogo isiyo na dirisha inaweza kuua mtu. Katika ekipe yetu siku ya asidi chupa ya javeli inabaki nyumbani kabisa.

Na tope la simenti halimwagwi kwenye choo wala kwenye lavabo. Linashuka, linakaa kwenye kona ya bomba na kuganda kama jiwe. Mwezi mmoja baadaye mwenye nyumba anavunja makaro mapya kutafuta mahali palipoziba. Sisi tunaliacha ndani ya ndoo usiku kucha. Asubuhi tope limekaa chini. Maji ya juu tunayamwaga nje, mbali na kisima na bustani, na tope linaenda pamoja na takataka za shantie.

Kukabidhi nyumba tunafanya mchana, si jioni. Tunasimama mlangoni na kuangalia sakafu kwa kulaza macho kuelekea dirisha. Mistari ya torsho na weupe uliobaki vinaonekana pale pale. Tunatembea na mwenye nyumba na ile karatasi ya kwanza mkononi, na akiridhika anasaini chini na kulipa iliyobaki.

Kutoka nyumba mpaka biro

Nyumba mpya inalipa mara moja tu, halafu imeisha. Lakini yule aliyejenga mara nyingi ana butiki au biro, na kwa mwezi mmoja anaweza kutupatia kazi ya kila siku. Nyumba ile ya dola 100 ilituletea butiki ya vitambaa, asubuhi sita kwa juma.

Kazi ya biro na butiki haitaki ufundi mwingi. Inataka mtu ambaye saa kumi na moja na nusu asubuhi amefika, mvua inyeshe isinyeshe, maana saa mbili wateja wako mlangoni. Inataka pia mtu wa ufunguo. Tumejiwekea kanuni: ufunguo mmoja unashikwa na mtu mmoja, na jina lake limeandikwa kwenye kitabu. Feza tukiipata chini ya meza, hata franga mia, tunaiweka juu ya meza, tunaandika saa na mahali. Karatasi iliyoanguka kando ya pipa haitupwi, tunairudisha juu ya meza, maana inaweza kuwa faktire. Na tunachokisoma au kukisikia ndani ya biro kinabaki ndani ya biro.

Jibu letu kwa komite

Sasa swali lenu: ekipe ya pili ikopeshwe? Vyombo vyetu vyote, pamoja na ngazi iliyotengenezwa na seremala wetu hapa, vilituchukua dola 95, na tunarudisha dola 10 kwa kila nyumba mpya. Tumekwisha kurudisha kwa nyumba sita, dola 60. Kwa hiyo zimebaki 35.

Sisi tunasema ndiyo, kwa masharti matatu. Kwanza, mkopo utolewe kwa vyombo, si kwa feza mkononi, na glavu, buti, miwani na maski vihesabiwe kabla ya ufagio. Pili, kila mmoja wa ekipe mpya afanye nyumba mbili pamoja nasi kabla ya kushika kazi yao. Atalipwa dola 6 kama sisi. Pale tutaona nani bado ana nguvu siku ya tatu mchana, wakati mgongo unauma na bado kuna dushi, na nani anaanza kusema "hii kona haionekani". Tutaona pia nani anafika kwa saa. Tatu, mtu mwenye pumu au kifua kibaya asiwekwe kwenye vumbi na asidi. Huyo anaweza kuwa mtu mzuri sana wa biro, na kazi ya biro iko.

Wengine mmesema ekipe mbili zitaharibiana bei. Tunaona hatari hiyo. Patroni atatuita sisi, halafu atawaita wale, na kuchukua anayeshuka. Njo maana tunapendekeza ekipe zote mbili zitumie karatasi moja ya devi, yenye mistari ileile, na dola 6 kwa mtu kwa siku isiguswe na yeyote. Patroni akitaka kupunguza, apunguze kwa kutoa maji au kubeba takataka, kama yule wa dola 100. Tumeleta karatasi hizo hapa, nakala 20. Mama mweka hazina anazo. Wanaotaka kujiandikisha wapite kwake leo kabla ya kuenda, na nyumba ya kwanza ya kujifunza inaanza jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mguu ukiwa ndani ya buti.